Jibu la 12,000 limetoka wapi? Kutambua makosa ya vizio katika hesabu za kazi, nishati na pawa

Msimu wa korosho ukifika huku Newala, malori hupanga foleni nje ya maghala na makuli hushinda wakipandisha magunia. Swali la kwanza nililowapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili nililitoa hapo hapo: kuli ananyanyua gunia la korosho la kilo 80 kutoka chini hadi kwenye bodi ya lori, kimo cha sentimita 150, kwa sekunde 4. Tafuta kazi aliyofanya, kisha pawa yake. Niliwaambia watumie g = 10 m/s², kama karatasi za Baraza la Mitihani zinavyozoea kutoa.

Jibu ni fupi. Kani ya kunyanyua gunia ni 80 × 10, yaani nyutoni 800. Kimo ni mita 1.5. Kazi ni juli 1,200, na ukigawa kwa sekunde 4 unapata wati 300.

Karatasi ziliporudi, nilikuta majibu manne ya kazi yanajirudia: 1,200, 120,000, 120 na 12,000. Mtu anayesahihisha usiku akiwa na karatasi 70 mezani ataweka vema kwenye la kwanza na kosa kwenye matatu yaliyobaki, kisha aendelee. Nimesahihisha hivyo kwa miaka, na ninajuta, kwa sababu matatu hayo si kosa moja. Kila moja lina chanzo chake, na mwanafunzi wa 120 akifundishwa dawa ya yule wa 120,000 hataambulia kitu.

Njia ninayotumia sasa ni kugawa jibu la mwanafunzi kwa jibu sahihi, kisha kuuliza namba iliyopatikana inafanana na nini. Vizio vinapobadilishwa, namba huzidishwa au kugawanywa kwa viwango vinavyojulikana. Sentimita na mita zinaachana kwa 100, gramu na kilo kwa 1,000, wati na kilowati kwa 1,000, dakika na sekunde kwa 60, saa na sekunde kwa 3,600. Hatua ikirukwa, kiwango chake kinabaki ndani ya jibu kama alama ya kiatu kwenye mchanga.

Dalili: jibu limezidi mara 100

120,000 gawa kwa 1,200 ni 100. Hapa mwanafunzi amezidisha 80 × 10 × 150. Sentimita zimeingia kwenye fomula bila kugeuzwa mita. Hili ndilo jepesi kuliko yote, na mara nyingi mwanafunzi mwenyewe hulikamata ukimwomba asome swali kwa sauti. Nazungushia duara 150 na kuandika pembeni "kizio?", basi.

Dalili: jibu ni dogo mara 10

120 gawa kwa 1,200 ni 0.1. Sentimita zimegeuzwa vizuri, lakini kazi imeandikwa 80 × 1.5. Kilo zimewekwa mahali pa kani, na g haikuingia kabisa.

Hili halitokani na uzembe. Linatoka kwenye lugha tunayoizungumza kila siku, na ndiyo maana linang'ang'ania. Ghalani gunia linawekwa kwenye mizani, na karani anasoma: "uzito kilo themanini." Mtoto amesikia hivyo tangu anazaliwa. Akija darasani anaambiwa kilo ni kizio cha masi, na uzito ni kani ambayo dunia inavutia masi hiyo, inayopimwa kwa nyutoni. Kwake uzito umeshapimwa na jibu limeshatoka. Kuzidisha kwa 10 kunaonekana kama kupima kitu kilichokwisha kupimwa.

Kwa hiyo kumwandikia "umesahau g" hakutoshi. Hakusahau, aliona haihitajiki. Namwandikia swali: "80 ni kilo au nyutoni? Fomula inataka ipi?" Na kabla ya kusahihisha naangalia kama kosa lilelile limejirudia kwenye maswali mengine. Aliyeteleza ataruka g mara moja tu. Asiyetofautisha masi na uzito ataiacha kila panapokuwa na mzigo wa kunyanyua. Huyo wa pili hahitaji masahihisho, anahitaji tukae naye na mizani ya springi yenye nyutoni upande mmoja na gramu upande wa pili, aning'inize jiwe la gramu 100 na kuona mshale unasimama karibu na nyutoni 1.

Lipo pia jambo la jina. Kwa mazoea, neno "nguvu" tunalitumia kwa kani, kwa pawa, na hata kwa afya ya mtu. Mwanafunzi anayeandika kumbukumbu zake kwa Kiswahili pembeni ya daftari akiandika "nguvu" pote, ataweka 800 mahali pa 300 na kinyume chake. Darasani kwangu nguvu inayosukuma au kuvuta ni kani, na kazi inayofanyika kila sekunde ni pawa. Wengine huiita uwezo. Jina lolote linafaa mradi darasa zima lishike moja.

Dalili: jibu limezidi mara 10

Hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe kwa muda mrefu. 12,000 gawa kwa 1,200 ni 10. Kwa haraka nilidhani ni nukta iliyohama, au sifuri iliyoongezwa wakati wa kuzidisha. Niliandika "angalia hesabu yako" na kuondoa nusu alama.

Msichana mmoja akaja nayo ofisini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nimerudia kuzidisha mara tatu, mwalimu. Inakuja hiyo hiyo."

Nikamwambia anisomee mstari wake. Akasoma: "Themanini mara mia moja na hamsini, sawasawa na elfu kumi na mbili." Kuzidisha kwake kulikuwa sahihi kabisa. Aliacha g, kwa hiyo jibu likapungua mara 10, na aliacha sentimita, kwa hiyo likaongezeka mara 100. Makosa mawili yaliungana yakatoa mara 10, likaonekana kama kosa moja dogo la hesabu.

"Themanini ni ya nini?" nikamuuliza.

"Uzito."

"Kwa kizio gani?"

"Kilo."

"Na kani tunaipima kwa nini?"

Akanyamaza kidogo. "Nyutoni. Kwa hiyo nilitakiwa nizidishe kwa kumi kwanza." Kisha, kabla sijasema lolote, akashika kalamu na kuweka nukta kwenye 150.

Nilirudi kwenye rundo nikazitoa karatasi zote zenye 12,000. Zilikuwa tisa. Kwa wote tisa nilikuwa nimetoa adhabu ndogo kuliko niliyowapa wa 120,000, ambao walikuwa na kosa moja tu. Tangu siku hiyo uwiano naufanya kielekezi. Ndio unaonionyesha mahali pa kuangalia, lakini hukumu inatoka kwenye mstari wa kuweka namba. Mara 10 inaweza kuwa sifuri iliyozidi, au g na sentimita kwa pamoja. Mara 100 yenyewe inaweza kuwa sentimita peke yake, au gramu zisizogeuzwa pamoja na g iliyoachwa, kwa sababu 1,000 gawa kwa 10 nayo ni 100. Ikiwa mwanafunzi hakuonyesha mstari huo, huwezi kujua, na ni haki kumwita umuulize kuliko kukisia.

Dalili: namba 60 imejificha ndani ya pawa

Swali la pili lilihusu maji, kwa kuwa hapa tuko juu ya uwanda na kila tone linapandishwa kutoka bondeni au chini ya ardhi. Pampu inapandisha lita 1,200 za maji kwa kimo cha mita 45 ndani ya dakika 15. Pampu inakula kilowati 1 ya umeme. Tafuta kazi iliyofanyika juu ya maji, pawa inayotoka, ufanisi wa pampu, na umeme uliotumika kwa kilowati-saa.

Lita moja ya maji ina masi ya kilo 1, kwa hiyo masi ni kilo 1,200. Kazi ni 1,200 × 10 × 45, yaani juli 540,000. Dakika 15 ni sekunde 900. Pawa ni wati 600. Ufanisi ni 600 gawa kwa 1,000, yaani asilimia 60. Umeme ni kilowati 1 kwa robo saa, sawa na kilowati-saa 0.25.

Jibu baya lililotia fora lilikuwa wati 36,000. Ukigawa kwa 600 unapata 60, na hiyo ni dakika iliyoachwa kama dakika. Wengine walileta wati 3,600, na hapo uwiano ni 6. Hakuna kizio kinachobadilishwa kwa 6, na ndiyo dalili ya makosa mawili: 60 ya dakika imegawanywa kwa 10 ya g. Ukikutana na uwiano usioufahamu, jaribu kuuzidisha au kuugawa kwa 10 kwanza. Kwenye mada hii g ndiyo mshirika wa kawaida wa makosa mengine.

Wachache walipata kazi ya juli 540. Hao walikuwa waangalifu kupita kiasi. Walijua lita si kizio cha masi, wakageuza lita 1,200 kuwa mita za ujazo 1.2, ambayo ni sahihi, kisha wakaweka 1.2 mahali pa kilo. Walisahau kuzidisha kwa msongamano wa maji, kilo 1,000 kwa kila mita ya ujazo. Hao nawapa alama ya kugeuza ujazo, maana waliigeuza. Na upande wa pili, wale walioandika kilo 1,200 moja kwa moja nawaandikia pembeni kwamba njia hiyo inafaa kwa maji tu. Lita ya mafuta ya taa haifiki kilo moja.

Dalili: ufanisi umepita 100, au umekuwa sahihi wakati pawa ni mbaya

Ufanisi wa asilimia 60,000 unajisema wenyewe. Ni 600 gawa kwa 1, wati juu na kilowati chini. Nilichowaomba wanafunzi ni kwamba wakipata ufanisi unaozidi 100 wasiupeleke kwenye jibu, warudi juu kutafuta kizio, kwa kuwa hakuna pampu inayotoa nishati nyingi kuliko iliyopokea.

Hatari zaidi ni ufanisi uliotoka sawa. Mwanafunzi mmoja aligawa juli 540,000 kwa 15 akapata pawa inayotoka 36,000. Kwa umeme alitafuta kwanza nishati, juli 900,000, kwa usahihi, kisha akaigawa nayo kwa 15 akapata 60,000. 36,000 gawa kwa 60,000 ni asilimia 60, jibu sahihi kabisa. Dakika zilikuwa juu na chini, zikafutana. Ukisahihisha kwa kuangalia jibu la mwisho, huyu anapata zote, na pawa mbili zilizo mbaya zinapita. Kwa hiyo kwenye swali lenye ufanisi soma pawa kwanza, asilimia baadaye.

Dalili: umeme wa robo saa ni uniti 250

Kwenye kipengele cha mwisho nilipata 15 na nikapata 250. Kumi na tano ni kilowati 1 mara dakika 15, na uwiano kwa 0.25 ni 60. Mia mbili na hamsini ni wati 1,000 mara saa 0.25, na uwiano ni 1,000.

Chanzo cha yote mawili ni kizio chenyewe kutoeleweka. Wengi husema "kilowati kwa saa", kama kilomita kwa saa, wakidhani kuna kugawanya. Kilowati-saa ni kilowati mara saa. Ni nishati inayotumiwa na kifaa cha kilowati 1 kikiwaka saa nzima, yaani juli 3,600,000, na ndiyo uniti ile ile tunayonunua ya LUKU. Neno "kwa" linawapoteza, kwa hiyo naandika kistari kati ya maneno mawili na kuwaomba nao waandike.

Kwa bahati nzuri hapa mtoto ana kipimo chake nyumbani. Nilimuuliza mmoja wao, mama yake akinunua uniti 250 zinakaa muda gani. Akacheka, akasema ni nyingi mno, kwao huweka kumi kumi. Basi robo saa ya pampu moja isingeweza kuzimaliza. Akarudi kwenye karatasi yake bila mimi kumwambia kilowati.

Dalili: uwiano wa 12.96

Swali la tatu lilikuwa bodaboda na abiria wake, masi ya jumla kilo 200, mwendo wa kilomita 54 kwa saa kwenye barabara ya kwenda Masasi. Tafuta nishati mwendo. Kilomita 54 kwa saa ni mita 15 kwa sekunde, kwa kugawa kwa 3.6. Nishati ni nusu ya 200 × 15 × 15, yaani juli 22,500.

Waliosahau kugeuza walipata 291,600. Gawa kwa 22,500 utapata 12.96, namba ambayo mara ya kwanza haikumbushi kitu. Ni 3.6 mara 3.6. Mwendo kwenye fomula hii unazidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo hata kosa lake linazidishwa kwa lenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, mwanafunzi akiweka sentimita kwenye nishati ya springi, ambako urefu ulioongezeka springi ikivutwa nao unazidishwa kwa wenyewe, kosa halitakuwa 100, litakuwa 10,000. Na ukiona 3.6 tupu kwenye nishati mwendo, usikimbilie kusema hakugeuza. Mara nyingi amegeuza mwendo mmoja akaacha mwingine: 15 × 54.

Dalili: namba ni sahihi, kizio si chake

Hapa pana utata kuliko inavyodhaniwa, na kosa kubwa linaweza kuwa la msahihishaji. Mwanafunzi akiandika kazi ni 1,200 N m, hajakosea. Nyutoni moja ikisukuma kwa mita moja ndiyo juli moja. Akiandika pawa ni 300 J/s, hajakosea pia. Nawaandikia jina la kawaida pembeni na alama nawapa yote. Akiandika 1,200 N/m nasimama, maana mkwaju ule umegeuza kuzidisha kuwa kugawa. Na akiandika 1,200 N amejibu kani, si kazi.

Kinachowachanganya wengi ni herufi W. Kwenye mstari mmoja ni kazi, kwenye mwingine ni wati, na kwenye daftari la wengine ni uzito. Nimeona hii:

```
W = 80 × 10 = 800
W = 800 × 1.5 = 1200
P = W/t = 800/4 = 200 W
```

Mistari miwili ya juu ni mizuri, kwa maana kwamba namba zake ni sahihi. Lakini W ya kwanza ni uzito na ya pili ni kazi, na mwanafunzi alipofika kwenye pawa akachukua W isiyo yake. Uwiano wa 200 kwa 300 ni theluthi mbili, na hakuna kizio kinachotoa theluthi mbili. Ukiona uwiano wa namna hiyo acha kutafuta kizio kilichorukwa, tafuta herufi iliyobeba vitu viwili. Dawa niliyoona inasaidia ni kuandika kizio kwenye kila mstari, hata wa katikati. 800 N na 1,200 J hazichanganyiki kirahisi.

Herufi kubwa na ndogo nazo zina uzito wake. "KW" badala ya "kW" naisahihisha bila kukata alama, kwa kuwa haileti maana nyingine. Lakini "mW" na "MW" zimeachana mara bilioni moja, ya kwanza ni milliwati na ya pili megawati, na hapo nakata.

Alama zikatwe wapi

Kosa la sentimita kwenye kazi litaharibu pia pawa. Gunia la 120,000 litazaa wati 30,000. Nakata mara moja, pale kizio kiliporukwa, kisha nafuata namba ya mwanafunzi hadi mwisho na kumpa alama za njia sahihi. Akirudia kosa hilo hilo kwenye swali jingine, nakata tena, kwa kuwa huko lilikuwa uamuzi mpya. Mwongozo wa kusahihishia ukisema vinginevyo nafuata mwongozo, lakini kwenye karatasi zangu za darasani utaratibu ni huo.

Duara langu jekundu siliweki tena kwenye jibu la mwisho. Naliweka kwenye namba ya kwanza iliyopoteza kizio chake, hata kama iko mistari minne juu. Kwenye karatasi ya wati 30,000 niliongeza swali moja: "Pampu ya kilowati 1 inatoa wati 600. Kuli huyu anazidi pampu ngapi?" Karatasi ilirudi kesho yake na jibu, 50, limekatwa kwa mstari. Chini yake palikuwa na hesabu nzima upya, kuanzia 150 cm = 1.5 m.